Miaka Sitini na Siku Niliyorudi Kwetu

Mjukuu wangu Atupele,

Ugonile. Siku tuliyomzika babu yako, mzee wa kanisa alisimama kando ya jeneza akasema kwamba mimi na marehemu tumeishi miaka sitini bila kugombana hata siku moja. Watu wakaitikia. Nami nikanyamaza, maana msibani si mahali pa kumsahihisha mtu. Lakini wewe ulikuwa umekaa karibu yangu kwenye mkeka, nikaona ulivyoinamisha kichwa. Baadaye, tulipokuwa tunamenya ndizi nyuma ya jiko, ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, uliwezaje?" Wakaingia wanawake na ndoo za maji, sikukujibu. Sasa barua yako ya kutoka Iringa imefika, na nimeisoma mara tatu. Unasema Yusufu hakupigi, halewi, na analeta nyumbani anachokipata. Ila akiwa mbele ya ndugu zake anakugeuza kichekesho: namna unavyotamka maneno, samaki wetu unaowapika, jinsi unavyosalimia kwa kupiga magoti. Wanacheka, naye anacheka nao. Unasema umefunga sanduku mara mbili na kulifungua mara mbili, na unaona aibu kunieleza jambo dogo namna hiyo mimi niliyevumilia miaka sitini.

Jambo hilo si dogo, na mimi sikuvumilia. Ninakuandikia kwa Kiswahili, nikiacha lugha yetu, ili Yusufu naye asome bila kutafsiriwa. Nitakueleza mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, mwaka ambao mama yako hajawahi kuusikia, kwa sababu mimi na babu yako tulikubaliana kwamba ulikuwa wetu wawili. Yeye sasa amelala, na naamini angeniruhusu.

Ilikuwa enzi za Wajerumani, miaka michache kabla ya vita yao na Waingereza. Mimi nilikuwa binti wa Kikisi wa pwani, kule milima inapoingia ziwani mpaka panabaki kipande tu cha mchanga cha kujengea nyumba. Kwetu wanawake tulifinyanga vyungu na wanaume walivua na kupiga makasia. Babu yako, Asajile, alikuwa Mnyakyusa wa bonde la Mwaya, mtu wa ng'ombe na migomba. Aliniona sokoni Mwaya nikiwa nimekaa na mama yangu nyuma ya vyungu vyetu. Siku zile chungu kilinunuliwa kwa kujazwa: mnunuzi anakijaza mahindi au mpunga, sisi tunaondoka na nafaka, yeye anaondoka na chungu. Asajile alikijaza chungu chake mpaka nafaka ikamwagika, akaendelea kumimina, mama yangu akaniambia kwa Kikisi, "Huyu hajaja kununua chungu." Tulifunga ndoa misheni, kwa mchungaji wa Kijerumani aliyekosea jina langu mara mbili, na ng'ombe watatu wakaswagwa kando ya ziwa hadi kwa baba yangu. Kwa ng'ombe hao kaka yangu Elia akaoa mwezi uliofuata. Hilo likumbuke, maana litakuja kuniuma.

Nyumba aliyonijengea ilikuwa nzuri kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulala ndani yake. Kuta za mianzi iliyosimamishwa wima na kukandikwa kwa udongo laini, sakafu imepigwa mpaka inang'aa, na mbele uwanja uliofagiliwa kila asubuhi. Lakini haikuwa karibu na nyumba ya wazazi wake. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, mbali kidogo na baba zao. Kwa hiyo majirani zangu wote walikuwa marafiki wa mume wangu tangu walipokuwa wakichunga pamoja, na wake zao. Na wanaume hao walikula pamoja. Mimi sikuwa nimelizoea hilo. Kwetu baba alikula na yeyote aliyekuwepo. Huku mwanamke anapika, anapakua, anapeleka chakula pale walipokaa mume wake na wenzake, anarudi jikoni. Leo wanakula kwa huyu, kesho kwa yule. Mke anajulikana kijiji kizima kwa chakula chake kabla hajajulikana kwa uso. Nilikuwa nawasikia kutoka jikoni, kupitia mianzi, wakizungumza juu ya ng'ombe, juu ya kazi ya barabara ambayo askari waliwaamrisha kuifanya, na juu ya mapishi yetu sisi wake, mmoja mmoja.

Jingine lilikuwa la baba mkwe. Wanyakyusa huliita kutila, yaani kumwepuka. Mke wa mwana hakutani na baba wa mumewe, hamtazami, halitaji jina lake, wala hata neno linalofanana na jina lake. Nikimwona kwa mbali njiani, niliingia migombani na kuchuchumaa huku nimegeuza mgongo mpaka apite. Naye, kama mtu mwenye adabu, alikohoa toka mbali ili nipate nafasi ya kukimbia. Kwa miezi mingi nilimjua mkwe wangu kwa kikohozi tu. Sikulichukia jambo lile. Nililiona zito, lakini nilielewa kwamba naye alikuwa anajisumbua kwa ajili yangu. Nakueleza hili kwa sababu vijana wa siku hizi mnadhani kila mila ya zamani ilikuwa mzigo wa mwanamke peke yake.

Kilichonishinda kilikuwa kingine. Wanawake wa bonde walipika ndizi kwa njia kumi, na maharage, na maziwa ya mgando. Mimi nilijua samaki. Nilijua usipa aliyekaushwa, na mbasa aliyepikwa polepole kwenye chungu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Nilijifunza kupika ndizi, lakini mikono yangu ilikuwa migeni. Na sikufinyanga tena. Udongo wa bonde haukufaa, ulipasuka ukiwa bado unakauka, na mama mkwe, ambaye alikuwa mwanamke mwema, aliniambia, "Mwanangu, kazi yako sasa ni shamba na jiko." Asajile kabla ya ndoa alikuwa ameniahidi kwamba kila kiangazi atanipeleka kwetu kuchimba udongo. Kiangazi kilipita. Sikumkumbusha. Nilidhani mke mwema hakumbushi. Kila kitu kilichoniuma nilikimeza, na nikadhani kumeza ndiko kupenda. Kama una desturi hiyo, mjukuu wangu, naijua ulikoitoa.

Siku moja mwanzoni mwa masika, kaka yangu alipita Mwaya na mtumbwi akaniletea mbasa wawili wakubwa. Nilifurahi kama mtoto. Nikawapika kama mama anavyowapika, nikapakua na ndizi, nikapeleka kwa wanaume. Walikuwa sita. Niliporudi jikoni nilibaki nimesimama karibu na ukuta nisikie watasema nini, maana safari hii nilikuwa na uhakika wa chakula changu. Kwanza kukawa kimya cha watu wanaokula. Kisha mmoja wao, Lusajo, aliyekuwa rafiki mkubwa wa babu yako, akasema, "Asajile, wewe hukuoa mke, umeoa wavu. Nyumba yako inanuka kuanzia barabarani." Wakacheka. Mwingine akaongeza kwamba watoto wetu watazaliwa na magamba. Nikangoja. Nilikuwa nangoja sauti moja tu, nikaisikia. Mume wangu alicheka, na si kicheko cha kuficha, alicheka kwa nguvu kuliko wote, akasema, "Mnadhani ni ninyi mnaolala naye?"

Sikulia. Nilisubiri wamalize, nikakusanya vyombo. Samaki walikuwa wamekwisha, hata vichwa. Jioni Asajile aliingia akanikuta nimekaa, akaniuliza kama naumwa, nikasema hapana. Asubuhi alipokwenda kwenye ng'ombe, nikafunga kanga yangu moja na nguo ya ubatizo, nikashika njia ya pwani. Nilitembea kutwa nzima, mito ilikuwa imeanza kujaa, na mmoja niliuvuka maji yakiwa kifuani, nimebeba kifurushi kichwani. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenifuata. Nilifika kwetu jua likiwa bado lipo, na mama yangu, aliyekuwa ameinamia chungu anakisugua kwa kokoto, alinitazama miguu kabla ya uso. Akasema, "Nawa. Ule. Halafu utasema."

Nilipokula, baba aliniita. Aliketi kwenye kigogo cha mtumbwi wa zamani nje ya nyumba.

"Amekupiga?" akauliza.

"Hapana, tata."

"Amekunyima chakula? Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana."

"Amefanya nini?"

"Amecheka," nikasema. Nikamweleza yote, na nilipokuwa naeleza nilijisikia mjinga, kwa sababu neno lilivyokuwa linatoka mdomoni lilionekana jepesi. Kaka yangu Elia alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi sita. Akasema, bila ukali, kwa hofu tu, "Dada, ng'ombe wale hawapo tena hapa. Wako kwa wakwe zangu. Ukivunja ndoa watadaiwa, na mimi nitawatoa wapi? Mke wangu atarudishwa na tumbo lake?" Nilikuwa sijafikiria hilo. Nilijua kwamba ng'ombe wa mahari huhama, kwamba ndoa yangu iliishika ndoa yake kama uzi unavyoshika uzi mwingine kwenye wavu, lakini kulijua jambo na kuliona limesimama mlangoni na mimba ni vitu viwili. Nikasema, "Basi nitarudi kesho." Baba yangu akainua mkono. "Hutarudi kesho," akasema. "Ng'ombe ni wangu na Elia kuwahangaikia. Wewe hukutumwa kule kulinda ng'ombe. Utakaa hapa mpaka mumeo aje na aseme alichocheka. Akija kuchukua mke tu, hatampata. Akija kusema, tutasikia."

Mimi leo ni mzee kuliko baba yangu alivyokuwa siku ile, na bado sijasikia mtu akisema jambo la maana zaidi kuhusu ndoa. Wazazi wengi wangeniambia nirudi kwa ajili ya kaka, au nikae kwa ajili ya hasira. Yeye alitaka jambo lisemwe. Atupele, kwenda kwenu si kuvunja ndoa. Zamani hata sheria zetu zilijua hivyo: mke akienda kwao, mume hufuata, wazee hukaa, maneno hutolewa. Kinachovunja ndoa ni kwenda bila kusema kwa nini, au kurudi bila kusema kwa nini. Mimi la kwanza nililifanya, na nusura nifanye la pili.

Nilikaa kwetu wiki tano. Nilifinyanga. Hujawahi kuniona nikifinyanga kwa nguvu zangu za ujana, kwa hiyo nikueleze. Udongo unachimbwa mahali pamoja tu, unapondwa, mawe yanatolewa, unakandwa kwa maji mpaka unaacha kushika vidole. Unaweka donge juu ya kigae kilichotandikwa jani, unakizungusha kwa mkono mmoja na mwingine unapandisha ukuta. Ukipandisha haraka, unaanguka, ukichelewa, unakauka na haushikani. Kisha unakiacha chungu kivulini, unakwangua, unasugua kwa kokoto, unapaka udongo mweupe na mwekundu, na mwisho moto wa nyasi na kuni. Mikono yangu ikiwa kazini, hasira ilipungua ikabaki swali. Nilianza kujiuliza: Asajile alijua kwamba nimeumia? Angejuaje? Miezi yote ile alikuwa akiniuliza, "Unaumwa?" nami nikimjibu hapana.

Alikuja siku ya mvua kubwa. Nilimwona kwa mbali akiwa ufukweni, amelowa, na nyuma yake watu wawili. Nilipotambua kwamba mmoja ni Lusajo, niliingia ndani kwa hasira mpya. Nilidhani amewaleta wamsaidie kunidai. Baba akawakaribisha, akawakalisha, mama akawapa moto. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nyuma ya ukuta, kama siku ile, nasikia.

Babu yako alisema, "Baba, nimekuja na hawa kwa sababu jambo lilitendeka mbele yao. Sikutaka kulisema hapa kwa siri wakati nililifanya kule hadharani."

"Lisemwe," baba akasema.

"Walimcheka mke wangu, nami nikacheka. Chakula kilikuwa kizuri. Nilikuwa nakila huku nacheka. Nilicheka kwa sababu niliona haya kwamba mke wangu si kama wake zao, nikataka wajue kwamba nami nimeliona kabla yao. Haya ilikuwa yangu. Nikambebesha yeye."

Kisha Lusajo, kwa sauti ya mtu anayesukumwa, akasema, "Nami ndiye niliyeanza. Na vichwa vya wale samaki nilivila mimi." Mama yangu alicheka hapo, alishindwa kujizuia, na baba akamtazama kwa jicho kali, kisha naye akatabasamu.

Nikaitwa. Nilitoka nikaketi. Baba akaniuliza kama nimesikia, nikasema nimesikia. Akaniuliza nina neno gani. Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki tano kusema juu ya kicheko, lakini kilichotoka kilikuwa kingine. "Uliniahidi udongo," nikamwambia mume wangu. Akashangaa. "Udongo?" "Kila kiangazi. Uliahidi. Kiangazi kimepita." Akasema pole pole, "Mbona hukuniambia?" Nikasema, "Mbona hukukumbuka?" Na mbele ya wazazi wangu na marafiki zake, tukagombana kwa mara ya kwanza maishani mwetu, waziwazi, kwa sauti, mimi nikitoa kila nilichomeza tangu siku ya harusi: mama mkwe na jiko, ndizi, upweke, kutoulizwa. Naye akatoa yake: kwamba anaishi na mtu aliyefungwa kama mlango, kwamba kila jioni anauliza na kila jioni anajibiwa hapana, kwamba aliporudi siku ile na kukuta nyumba tupu hakujua hata aanze kujilaumu wapi. Wazee hawakutukatiza. Tulipochoka, baba akasema, "Sasa mmeoana."

Tulipatana kwa mambo machache, na hakuna aliyeyaandika. Yeye asilinene jambo langu mbele za watu kwa namna ambayo asingeweza kulinena mimi nikiwepo. Mimi nikiumia nimwambie siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, hata kama sauti inatetemeka. Na udongo. Hatukuondoka kesho yake. Mama aliwakalisha siku mbili akiwapikia samaki tu, asubuhi na jioni, nao wakala bila kusema kitu.

Sasa ungedhani habari imekwisha, lakini maneno yaliyosemwa ufukweni kwa wakwe ni rahisi. Nilirudi bondeni nikiwa bado nina shaka. Tulibeba udongo mtumbwini, madonge yaliyofungwa kwa majani, na Elia akatufikisha karibu na Mwaya, akatuachia mtumbwi ule mdogo kwa sababu mvua zilimzuia kuuvuta kurudi, yeye akarudi na wavuvi wengine. Siku nne baadaye mito ilivunja kingo.

Wewe umeona mafuriko ya Kyela, huhitaji kuelezwa. Maji hayakuja kwa kishindo, yaliinuka tu. Asubuhi yalikuwa kwenye migomba, adhuhuri yakawa mlangoni. Vijana wa kijiji chetu walikuwa wamekwisha kuhamisha ng'ombe kwenye kilima kidogo, na wanawake na watoto tuliwafuata. Mama mkwe alikuwa huko. Ndipo tukagundua kwamba baba mkwe hakuwepo. Alikuwa amerudi nyumbani kwake kufungua ndama aliyesahaulika, na sasa mto mmoja ulikuwa umehama njia yake na kupita katikati, kati ya nyumba yake na sisi. Tulimwona kwa mbali juu ya paa la zizi, mtu mdogo mweusi kwenye mvua.

Wanaume wa bonde walijua kusukuma mtumbwi kwa mti mrefu mahali maji yanapotulia. Pale mti haukugusa chini na maji yalikuwa yanakimbia na magogo. Wawili walijaribu, wakazungushwa, wakarudi wamelowa na hofu. Walisimama wote sita, wale wale waliokula samaki wangu, wanatazama mtumbwi wa kaka yangu. Mimi nilikuwa nimesimama na wanawake. Nilijua njia ya kupita, niliiona: mtu anapanda juu kwanza, kando ya maji yaliyolala, halafu anajiachia kwa mshazari. Tangu mtoto nilivuka mawimbi mabaya kuliko yale. Lakini mwanamke, na zaidi mke wa mwana, angesema nini?

Babu yako aligeuka akanitafuta kwa macho. Kisha akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Mimi siwezi maji haya. Hakuna kati yetu anayeyaweza. Mke wangu anayaweza, amekulia humo. Yeye ndiye atakayeshika kasia, nami nitakaa mbele na kufanya atakachoniambia."

Lusajo akasema, "Na baba yako? Atamwonaje mkwewe? Watakaa mtumbwi mmoja?"

"Hilo atachagua mwenyewe akiwa juu ya zizi," Asajile akasema. "Sisi twende."

Tulikwenda. Yeye mbele na mti wa kuzuia magogo, mimi nyuma na kasia. Nilimpigia kelele kama baba yangu alivyotupigia sisi, "Kushoto! Acha! Inama!" na mume wangu aliinama. Tulipokaribia zizi niligeuza uso na kufunika kichwa kwa kanga kadiri nilivyoweza huku bado naona maji. Mzee alikohoa. Hata pale, akiwa juu ya paa na maji chini yake, alikohoa ili nijue yupo. Asajile akamwambia, "Baba, aliyeshika kasia ni mkweo. Hakuna mwingine." Ndipo nikasikia mzee akisema, si kwa mwanawe wala kwangu, kana kwamba anazungumza na mvua, "Mtu akikaa mbele na kutazama mbele, hamwoni aliye nyuma."

Akashuka na ndama mikononi, akaketi katikati akinipa mgongo, akajifunika mkeka. Katikati ya mkondo gogo kubwa lilikuwa linakuja upande ambao sikuliona kwa ajili ya kanga. Mzee akayaambia maji, "Ningekuwa na mtu wa kumwambia, ningemwambia kuna mti mkubwa unakuja kulia." Nikakata kushoto. Likatupita kwa urefu wa mkono. Baadaye kidogo akayaambia tena maji, "Huyo aliyefundisha mtu fulani kupiga kasia alifundisha vizuri." Tulipofika kilimani nilishuka upande wangu, naye akashuka upande wake, hatukutazamana, na sikuwahi kutazamana naye mpaka alipofariki. Lakini maji yalipokauka, mama mkwe alikuja kwangu na ujumbe: mzee ameagiza nijengewe kibanda cha kufinyangia, na udongo uletwe kila kiangazi, na yule ndama ni wangu.

Nilisema sikuvumilia. Wanaovumilia hawatarajii kitu. Mimi na babu yako tulitarajia mengi mmoja kwa mwenzake, na tuliyadai. Tuligombana tulipozika mtoto wa tatu. Tuligombana vibaya vita ilipokuja na akachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, kwa sababu alitaka kuficha kwamba anaogopa. Mara mbili tena katika miaka sitini alivunja patano letu, na mara nyingi zaidi mimi nilivunja langu nikalala na jambo kifuani. Lakini kila mmoja alijua mahali pa kumwanzia mwenzake. Marafiki zake walikufa mmoja baada ya mwingine, Lusajo wa mwisho, na kwa miaka minane ya mwisho babu yako hakuwa na mtu wa kula naye. Siku ya kwanza alibeba sahani yake akaja nayo jikoni, akasimama mlangoni kama mgeni, akaniuliza kama kuna nafasi. Nilisogea. Nilikuwa nimempikia miaka hamsini na kitu na sijui anavyotafuna. Anatafuna upande wa kushoto. Tuliyaongea jikoni mle yale ambayo watu huyaongea wakiwa wachumba.

Sitakuambia urudi wala uondoke. Yusufu simjui vya kutosha, ila nilimwona msibani akibeba maji bila kuombwa, nikaliweka hilo moyoni. Unalolijua wewe ni kama amewahi kuambiwa. Naogopa hajaambiwa. Naogopa kila akiuliza unamjibu hapana. Mwambie leo, maneno yenyewe, siku na mahali na nani alikuwepo. Kama atasema alichocheka, na akasema mbele ya wale wale aliocheka nao, una mume. Kama atakuambia hujui utani, funga sanduku mara ya tatu na usilifungue, basi la Mbeya unalijua, na Kyela utamkuta mjomba wako kituoni.

Mpunga umeshika masuke na mwaka huu kakao imebeba vizuri. Mjomba wako anataka kubomoa kibanda changu apate mahali pa kuanikia kakao, na leo asubuhi tumegombana juu ya hilo, nami nimemshinda. Ndaga, asante, mjukuu wangu. Nisalimie Yusufu.

Mimi bibi yako,
Tusajigwe